Barua ya mwaliko kwa mshirika wa biashara kutoka nje: fupi, yenye ratiba, au yenye udhamini?

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kubangua korosho Mtwara. Kimenunua mashine ya kuchambua korosho kwa rangi kutoka Coimbatore, kusini mwa India. Mashine imeshafika. Kilichobaki ni mhandisi wa muuzaji kuja Tanzania kwa mambo mawili: kukaa na uongozi Dar es Salaam wakubaliane kuhusu matengenezo na vipuri, kisha kwenda Mtwara kuwafundisha mafundi wanne wa kiwanda namna ya kuirekebisha. Msimu wa korosho unafunguka Oktoba, kwa hiyo lazima aje Agosti. Mhandisi ameomba kitu kimoja tu, barua ya mwaliko ya kuombea viza.

Hapo ndipo ofisi inapogawanyika. Mhasibu anataka aya mbili na muhuri, basi. Meneja wa kiwanda anataka kila siku ya mgeni iandikwe. Mkurugenzi anauliza kama kampuni inapaswa pia kuahidi kwa maandishi kwamba itambeba mgeni huyu kwa lolote litakalomkuta. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja anazungumzia barua ya aina tofauti. Ulinganisho huu ni wa barua hizo tatu, kwa kampuni iliyo Tanzania Bara inayomwalika mtu wa nje kwa vikao na mafunzo pamoja.

Kwanza, barua inaenda kufanya kazi gani

Idara ya Uhamiaji ina viza za aina kadhaa, na mbili ndizo zinazochanganywa kila siku. Viza ya kawaida, ya dola 50 kwa raia wa nchi nyingi, ni ya matembezi, likizo, kutembelea ndugu na mambo ya namna hiyo. Viza ya biashara ni dola 250, na ndiyo iliyokusudiwa kwa mtu anayekuja kwa shughuli za biashara, kutengeneza mitambo au kutoa utaalamu wa muda mfupi usiozidi miezi mitatu. Mhandisi wetu yuko kwenye hii ya pili, hata kama nusu ya safari yake ni vikao na chai.

Tofauti ya dola 200 ndiyo inayowafanya wenyeji wengine waandike barua inayosema kikao tu, au mbaya zaidi, matembezi, ili mgeni alipe kidogo. Hilo nalisema mapema kwa sababu hakuna aina ya barua inayoliponya. Kutoa maelezo ya uongo ili mtu apate viza ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na aliyesaini barua ndiye mwenye maelezo hayo. Mgeni akishakutwa kiwandani na bisibisi mkononi huku viza yake ni ya matembezi, anayetafutwa wa pili ni mwenyeji.

Maombi hufanyika mtandaoni kupitia visa.immigration.go.tz, na barua hupakiwa pamoja na nakala ya pasipoti, picha na tiketi ya kwenda na kurudi. Ofisa anayeyapitia hamjui mgeni, hamjui mwenyeji, na hana muda wa kukisia. Barua ndiyo inayomwambia nani anamhitaji mtu huyu na kwa nini. Ndiyo pia mgeni atakayoitoa kwenye mkoba akifika Uwanja wa Julius Nyerere na kuulizwa amekuja kufanya nini.

Vigezo vinne vya kupimia

Cha kwanza na kizito kuliko vyote: je, barua inaonyesha mikono ya mgeni itafanya nini? Anayekaa mezani na kuzungumza si sawa na anayefungua mashine, na anayefungua mashine ili wengine wajifunze si sawa na anayeiendesha kuzalisha mali. Mambo haya matatu yana majibu tofauti kisheria.

Cha pili ni nani analipa, yaani nauli, hoteli, chakula na hasa mshahara wake. Cha tatu ni uvumilivu wa barua pale tarehe zinapobadilika, maana zitabadilika. Cha nne ni mzigo ambao mwenyeji anajitwisha kwa saini yake.

Nyaraka za mwenyeji sizihesabu kuwa kigezo kwa sababu barua zote tatu zinazihitaji sawasawa: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, leseni ya biashara iliyo hai, na TIN. Barua nzuri kutoka kwenye kampuni yenye leseni iliyokwisha muda inazua swali ambalo aya yoyote haitalijibu.

Barua zenyewe

Barua fupi ni ya ukurasa mmoja. Inaandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, ina kumbukumbu namba na tarehe, jina la mgeni na namba ya pasipoti, sababu ya safari kwa sentensi mbili tatu, kipindi cha kukaa, mahali atakapofikia, saini na muhuri.

Barua yenye ratiba ni hiyohiyo, lakini inabeba kiambatisho cha ukurasa mmoja au miwili kinachogawa safari: vikao vipi na wapi, mafunzo yapi, yanatolewa na nani kwa nani, kwa kutumia mashine ipi.

Barua yenye udhamini ni barua mbili zinazosafiri pamoja. Ya kwanza ni mwaliko unaoelekezwa kwa mgeni. Ya pili inaelekezwa kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na ndani yake kampuni inasema inawajibika kwa malazi, usafiri wa ndani, matibabu ya dharura na kuhakikisha mgeni anaondoka viza inapokwisha.

Mikono ya mgeni itafanya nini?

Barua fupi inaeleza vizuri safari yenye jambo moja. Kama mhandisi angekuja Dar es Salaam kwa siku tatu, akae ofisini, asaini mkataba wa matengenezo na kurudi, sentensi mbili zingetosha kabisa, na kurasa za ziada zingemfanya msomaji ajiulize kwa nini kikao kidogo kina maelezo marefu. Udhaifu wake unajitokeza pale mafunzo yanapoingia. Waandishi wengi wa barua fupi huandika "kwa ajili ya vikao, mafunzo na shughuli nyingine zinazohusiana." Maneno hayo ya mwisho yanaonekana kama kinga, lakini kwa ofisa ni mlango ulioachwa wazi. Shughuli nyingine zipi? Mafunzo anatoa au anapokea? Kwenye mizigo yake kuna sanduku la spana na kifaa cha kupimia kamera za mashine. Je, hivyo ni vya kikao?

Barua yenye ratiba ndiyo yenye nguvu hapa, kwa sharti kwamba ratiba iandikwe na mtu anayeijua kazi yenyewe. Meneja wa kiwanda aandike, kisha mtu wa ofisini asafishe lugha. Kwa mfano wetu, aya ya katikati ya barua inaweza kusomeka hivi:

"Mgeni atakuwa kiwandani kwetu Mtwara kwa muda usiozidi siku 9. Katika siku hizo atawafundisha mafundi wetu wanne kusafisha, kupima na kurekebisha mashine ya kuchambua korosho kwa rangi, ambayo ni mali ya kampuni yetu. Mashine itaendeshwa na mafundi wetu wenyewe. Mgeni hatashika zamu ya uzalishaji, na hatalipwa mshahara wala posho ya kazi na kampuni yetu. Anaendelea kuwa mwajiriwa wa kampuni yake nchini India."

Angalia kinachofanyika humo. Mwelekeo wa mafunzo unajulikana: yeye ndiye mwalimu. Idadi ya wanafunzi inajulikana. Mashine ni ya nani inajulikana. Halafu kuna mstari unaotenganisha kufundisha na kufanya kazi, kwamba hashiki zamu. Mstari huo uandikwe tu kama ni wa kweli. Kama mpango halisi ni mhandisi aendeshe mashine kwa mwezi mzima wa Oktoba kwa sababu mafundi bado hawajaiva, huyo hahitaji barua bora ya mwaliko. Anahitaji kibali cha kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Raia wa Kigeni ya mwaka 2015 na kibali cha ukaazi daraja B, na mchakato huo unaanza mapema zaidi na kwa nyaraka nyingine.

Mwelekeo ukigeuka, maneno nayo yageuke. Mnunuzi wa Muscat akimtuma ofisa wake wa ubora aje Mtwara kujifunza namna korosho zinavyopangwa madaraja ya W240 na W320, huyo ni mwanafunzi. Atashika korosho kwa mikono, atakaa meza moja na kina mama wanaochambua, na mtu asiyejua akipita ataona mfanyakazi wa kigeni kwenye mstari wa uzalishaji. Ratiba inayosema "mgeni atajifunza chini ya msimamizi wa ubora, bila kuhesabiwa kwenye idadi ya wachambuaji" inamlinda.

Barua yenye udhamini haisemi chochote zaidi kuhusu mikono ya mgeni kuliko mwaliko uliofungashwa nayo. Hili linasahaulika mno. Kampuni inaweza kuahidi kulipa kila kitu na bado ikaacha swali la kwanza bila jibu. Udhamini unajibu hofu ya kwamba mgeni atakuwa mzigo au hataondoka. Hofu ya kwamba atafanya kazi bila kibali inabaki palepale, labda hata kukua, maana nani humgharimia mtu kwa kila kitu kama hamtumikishi? Ukichagua njia hii, mwaliko unaoambatana nayo ubebe angalau ile aya ya katikati niliyoiandika hapo juu.

Nani analipa?

Mahali pa hatari hapa ni pale barua mbili za pande mbili zinapokutana. Mhandisi wetu, pamoja na barua ya Mtwara, ataambatisha barua ya mwajiri wake kutoka Coimbatore. Mwajiri huandika kwa mazoea kwamba gharama zote za safari ni zake. Mwenyeji naye, kwa ukarimu wetu wa kawaida, huandika kwamba malazi na chakula ni juu yake. Kila barua peke yake ni safi. Zikiwekwa pamoja zinapingana, na ofisa anaziweka pamoja. Dawa ni kuomba rasimu ya barua ya mwajiri kabla hujaandika yako.

Kwenye barua fupi, suala hili humalizwa kwa sentensi moja: mwajiri wake analipa nauli na mshahara, sisi tunalipa hoteli na usafiri wa ndani. Inatosha pale mgeni anapokuwa na mwajiri anayejulikana na historia ya safari kwenye pasipoti. Barua yenye ratiba inasaidia kidogo zaidi kwa sababu malazi yanaonekana mji kwa mji, na hoteli ya Dar es Salaam na nyumba ya wageni ya kiwanda Mtwara zinaweza kuwa na walipaji tofauti. Barua yenye udhamini ndiyo inayolibeba suala hili kwa ukamilifu, na inafaa sana pale mshirika ni mfanyabiashara mdogo asiye na mwajiri wa kumwandikia wala taarifa ya benki ya kuonyesha.

Kuna jambo la mafunzo yenyewe ambalo barua zote tatu hulikwepa: je, yanalipiwa? Kama bei ya mafunzo imo ndani ya bei ya mashine, sema hivyo. Kama kampuni ya India italeta ankara ya huduma ya mafunzo, usiandike kwenye mwaliko kwamba mafunzo ni bure, kwa sababu ankara hiyo itapita kwa mhasibu wako na kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa huduma ya asiye mkaazi, na siku moja karatasi hizo mbili zitasomwa na macho yaleyale. Na kama mpango ni kumpa mhandisi mwenyewe posho ya kila siku mkononi, simama kwanza. Hapo umeshaingia kwenye ujira, na mstari wa "hatalipwa na kampuni yetu" haukufai tena.

Tarehe zikisogea

Barua fupi ndiyo inayovumilia kuliko zote. Inaweza kusema "kati ya tarehe 1 na 31 Agosti, kwa muda usiozidi siku 14," na ndege ikibadilika kwa siku tatu hakuna kinachovunjika.

Barua yenye ratiba huvunjika kirahisi. Tuseme umeandika mgeni anafika tarehe 4 Agosti, vikao tarehe 5 na 6, anaruka kwenda Mtwara tarehe 7, na mafunzo yanaanza tarehe 8. Tarehe 8 Agosti ni Nanenane, kiwanda kimefungwa. Kosa dogo, lakini ofisa yeyote wa Kitanzania ataliona kabla hajamaliza ukurasa, na litamwonyesha kwamba ratiba imebuniwa ili ionekane. Halafu vipuri vikichelewa kutolewa bandarini, ratiba nzima inateleza wiki moja na barua inakuwa inasema habari ya safari isiyokuwepo.

Njia ninayoipenda ni kutenganisha. Tarehe za kalenda zikae kwenye barua, tena kwa kipindi chenye nafasi. Kiambatisho kiende kwa Siku ya 1, Siku ya 2, hadi Siku ya 14. Siku ya 1 kuwasili. Ya 2 na ya 3 vikao Dar es Salaam. Ya 4 safari ya Mtwara. Ya 5 mapumziko. Ya 6 kukagua mashine na umeme wa kiwanda. Ya 7 hadi ya 11 mafunzo. Ya 12 kuwapima mafundi na kusaini taarifa. Ya 13 kurudi Dar es Salaam. Ya 14 kuondoka. Safari ikisogea, kiambatisho hakiguswi. Siku ya mapumziko nayo isiachwe: ratiba ya siku 14 isiyo na pumzi haifanani na safari ya mtu halisi.

Barua yenye udhamini ni ngumu zaidi kusogeza, na inapaswa kuwa hivyo, kwa sababu ahadi inahitaji mwanzo na mwisho. Udhamini usio na tarehe ya mwisho ni wa hatari kwa kampuni. Safari ikibadilika, toa barua mpya yenye kumbukumbu mpya, na uandike kwamba inafuta ile ya awali. Usifute tarehe kwa wino mweupe na kuandika juu yake, hata kama utagonga muhuri pembeni. Ikishaskaniwa inaonekana kama imeghushiwa.

Mzigo wa mwenyeji

Kila barua inambebesha mwenyeji ukweli wa alichoandika. Zaidi ya hapo, barua fupi haina mzigo mkubwa. Unachopaswa kuhakikisha ni kwamba namba ya simu iliyo kwenye barua inapokelewa na mtu anayejua habari ya mgeni. Ofisa akipiga na dada wa mapokezi akajibu "huyo hatumjui," barua imekufa, hata kama mkurugenzi alisaini kwa mkono wake. Andika jina na cheo cha mtu mmoja wa mawasiliano, na uache nakala mapokezi.

Barua yenye ratiba inaongeza mzigo mmoja: mnapaswa kuishi mlichoandika. Mkisema Mtwara, asikutwe siku hiyo kwenye kiwanda cha rafiki yenu Lindi akitengeneza mashine nyingine. Wageni wenye ujuzi adimu huombwa msaada na kila jirani, na mwenyeji mwema anaona aibu kukataa. Mkitaka atembelee viwanda viwili, viandikwe vyote viwili tangu mwanzo, na kiwanda cha pili kitoe barua yake fupi ya kukubali.

Udhamini ndio mzigo wenyewe. Mgeni akiugua, hospitali ina karatasi yenye jina la kampuni yako. Akipoteza tiketi, ni wewe. Akitoweka, ni wewe wa kuulizwa kwanza. Kwa mshirika mliyefanya naye biashara kwa miaka, hilo linabebeka, hasa mkimtaka awe na bima ya safari na mkaiambatisha. Kwa mtu mliyefahamiana kwenye maonyesho ya Sabasaba mwaka huu na ambaye bado hamjamaliza naye hata biashara moja, bodi iketi kwanza. Asaini mtu mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni, si ofisa utawala kwa niaba.

Jambo moja linaloangusha barua zote tatu

Ni jina. Watu wengi wa Tamil Nadu, ambako ndiko Coimbatore iko, hawana jina la ukoo kama tulivyozoea. Hutumia jina lao na herufi ya kwanza ya jina la baba. Kwenye kadi yake ya biashara jina linaweza kuanza na herufi yenye nukta, huku kwenye pasipoti jina la baba limeandikwa kamili, au sehemu ya jina la ukoo imeachwa tupu. Mwenyeji anachukua jina kwenye barua pepe, mgeni anajaza fomu kwa jina la pasipoti, na tiketi ina mpangilio wa tatu. Omba picha ya ukurasa wa pasipoti, nakili herufi kwa herufi, na uhakikishe pasipoti ina uhai wa angalau miezi sita. Wageni wakiwa wawili, kila mmoja apewe barua yake, kwa sababu kila mmoja ana ombi lake. Kwenye barua ya pamoja, mmoja akibadilisha pasipoti, wa pili naye anakwama.

Mwelezeni mgeni pia namna ya kujibu akiulizwa mlangoni. Wengi husema kwa Kiingereza kwamba wamekuja kufanya kazi, wakimaanisha tu kwamba si watalii. Aseme kilichomo kwenye barua: amekuja kwa vikao na kuwafundisha mafundi wa kampuni fulani kwa siku kadhaa. Barua iwe kwa Kiingereza, maana wafanyakazi wa shirika la ndege kule anakotoka nao wataitaka, na ofisi ya uhamiaji ya mkoa ipewe nakala ya Kiswahili kama mgeni atakaa huko siku nyingi.

Ipi kwa hali ipi

Mgeni anakuja kwa vikao tu, siku chache, mji mmoja, na mwajiri wake anamlipia: barua fupi inamfaa, na usiiongezee uzito. Mtaje mwenyeji wa kikao, ajenda kwa mstari mmoja, na kipindi chenye nafasi.

Vikao na mafunzo pamoja, kama mhandisi wa Coimbatore: barua yenye ratiba inaeleza safari hiyo vizuri zaidi, kwa mtindo wa Siku ya 1 hadi ya 14, pamoja na aya ya mashine ni ya nani na nani anaiendesha. Ambatisha orodha ya vifaa atakavyokuja navyo na kurudi navyo, ili forodha nao wasimsumbue. Kama hakuna mtu kiwandani mwenye muda wa kuandika ratiba ya kweli, ni heri barua fupi yenye ile aya moja iliyo wazi kuliko ratiba ya kubuni.

Mshirika ni mfanyabiashara mdogo asiye na mwajiri, au ninyi ndio mnaobeba gharama zote: ongezeni udhamini, wenye tarehe ya mwisho na bima ya safari. Vilevile kwa raia wa nchi zinazopitia viza rejea, kwa mfano Yemen, ambao hawapewi viza wakifika uwanjani mpaka Kamishna Jenerali aidhinishe kwanza. Kwao mwenyeji ana uzito mkubwa, na udhamini uliofungashwa na ratiba unastahili karatasi zake. Anzeni mapema, na asinunue tiketi isiyorudishika.

Mshirika atakuja mara kadhaa mwaka huu: barua fupi ya kila safari ni njia moja, lakini ulizeni pia viza ya kuingia mara nyingi, inayodumu hadi miezi 12 huku kila ukaaji ukiwa haupiti siku 90. Barua yake ieleze kwa nini kurudi ni lazima, kwa mfano ukaguzi wa mashine kabla, katikati na baada ya msimu.

Anataka pia kupita Nairobi kuonana na mteja wake: barua yenu haimfikishi huko. Kenya ina idhini yake ya kusafiri ya mtandaoni, na mteja wa Nairobi aandike mwaliko wake mwenyewe. Ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki ni ya utalii na inahusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo.

Na mafunzo yakionekana yatapita siku 90, au mgeni atahitajika kushika zamu, wekeni barua zote tatu pembeni na mfungue jalada la kibali cha kazi mapema, kwa sababu Oktoba haisubiri.